Fonti ya mkataba: Times, Calibri ama nini?

Katibu msaidizi, Nakuru: Wadau, chama chetu cha akina mama tunaandika upya fomu ya mkopo na mkataba wake wa kurasa tatu. Katibu ameshikilia Times New Roman ati ndiyo ya korti, mimi napenda Calibri, mweka hazina naye ameleta ingine yenye mikia kama kadi ya harusi. Nani ako sawa?

Mwalimu mstaafu, Kakamega: Katibu wenu ako sawa na msimsumbue. Times New Roman ndiyo fonti ya sheria, ukipeleka mkataba na hizo zingine korti haiutambui. Miaka yote nimeona barua za serikali zikiwa hivyo.

Mpiga chapa, Kenyatta Avenue: Mwalimu shikamoo, hapo kwa korti naomba kukupinga kidogo. Ukichukua mkataba wa kuuza shamba, Law of Contract Act inataka uwe umeandikwa, wahusika wote wamesaini na kila sahihi iko na shahidi, fonti haijatajwa popote. Times yenyewe ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ikaanza kutumika 1932, na ndio maana ni nyembamba, safu za gazeti hazina nafasi. Si mbaya, lakini haikuzaliwa kortini.

Sasa kwa swali la dada. Mimi niko kwa printa kutoka asubuhi mpaka jioni na shida sioni kwa kopi ya kwanza, hiyo kila fonti inapendeza. Mkataba wa chama utafotokopiwa, mtu atapiga picha ile kopi na simu, atumie shemeji yake, shemeji aprinti tena, na hapo ndipo utajua fonti ni gani. Times iko na mistari minene na mingine nyembamba kama uzi. Ile laini ya katikati ya herufi e ikipotea inabaki c, na mkopeshaji na mkopaji wanaanza kusoma vitu tofauti. Printi ukurasa mmoja, ufotokopi, halafu ufotokopi ile kopi, fanya hivyo mara tatu na tona ikiwa imeanza kuisha, ndio usome.

Nyar Kisumo: Wacha niwaambie yangu. Nilikodisha duka hapa Kondele, mkataba kurasa nne, landilodi akanitumia faili ya Word kwa simu. Nikaenda saiba kuprinti, zikatoka tano! Ukurasa wa tano uko na nafasi ya sahihi peke yake, hakuna neno lingine hata moja. Nikasaini tu, nani angejua. Baadaye tukikosana juu ya kodi ananionyesha mkataba wenye sahihi yangu kwa hiyo karatasi ya mwisho, lakini kurasa za mbele si zile nilisoma. Na sikuwa nimeweka sahihi ndogo chini ya kila ukurasa, huo ujinga ni wangu.

Mpiga chapa, Kenyatta Avenue: Pole dada, na hiyo ni shida ya fonti kabisa ingawa watu hudhani ni printa. Faili ya Word kwa kawaida haibebi fonti ndani, inabeba jina tu. Kompyuta ya saiba ikikosa ile fonti inachukua ingine, ikiwa pana kidogo kila laini inasukuma neno moja chini, ukifika mwisho sahihi zimerukia karatasi mpya. Simu nyingi za Android nazo hazikuji na Times wala Calibri.

Dawa yake, usitume Word, tuma PDF. Ukiifungua kwa Adobe Reader ya kompyuta bonyeza Ctrl+D, halafu Fonts, utaona kama imeandikwa `Embedded Subset`, hapo fonti imesafiri na faili. Na kwa Word, chagua aya ya mwisho ya masharti uweke `Keep with next`, ndio isiachane na laini ya sahihi. Zikirukia ukurasa mwingine angalau zinaenda na masharti yao.

Bodaboda digrii: Lakini Calibri iko na mkosi, si iliangusha serikali Pakistan?

Loya kijana, Kisumu: Umesikia nusu jamaa. 2017 wachunguzi wa mali ya familia ya waziri mkuu wa kule walikuta hati imeandikwa tarehe ya Februari 2006 na imechapwa kwa Calibri, na hiyo fonti ilifikia watu wa kawaida na Office 2007. Shida ilikuwa tarehe. Chama cha Nakuru kikiandika leo kwa Calibri hakuna mtu atauliza.

Mimi kinachonisumbua kwa fomu za mkopo ni namba. Kuna mama aliniletea fomu, code ya M-Pesa ya malipo imechapwa kwa Arial, ndani yake kuna O na kuna sifuri, kuna I kubwa, na Arial I kubwa na l ndogo ni fimbo mbili tu. Mchapaji aliweka O mahali pa sifuri na hakuna mtu aliona kwa sababu zinafanana. Kutafuta ile meseji kwa simu haipatikani, mkopeshaji anasema hakulipwa. Tulipoteza asubuhi nzima kwa herufi moja.

Bodaboda digrii: Kwa hivyo tuandike kila kitu kwa kapital ndio ionekane?

Loya kijana, Kisumu: Hapana, kapital ukurasa mzima inachosha macho, watu wanaruka masharti. Masharti weka fonti ya kawaida, zile PIN za KRA na code za M-Pesa uziweke kwa Consolas, sifuri yake iko na mkwaju katikati. Ama Verdana, hiyo I kubwa iko na kofia na kiatu, ingawa sifuri yake haina alama. Na mwambie mweka hazina pole, hata Georgia ambayo ni fonti ya heshima siweki kwa pesa. Namba zake zinapanda na kushuka na sifuri inakaa kama o ndogo, 20,000 inaonekana kama mbili na o nne.

Mwalimu mstaafu, Kakamega: Mnachanganya fonti mbili kwa karatasi moja? Enzi zetu hiyo ilikuwa uchafu.

Mpiga chapa, Kenyatta Avenue: Hapo niko na Mwalimu kiasi, mbili zinatosha, ya tatu ni soko. Lakini sikubaliani na loya kwa Verdana. Ni pana sana, mkataba wa kurasa tatu unaweza kukuletea wa nne, na tumesema nini kuhusu karatasi ya mwisho. Ningeweka Cambria 12, mistari yake myembamba ina nyama kuliko ya Times.

Loya kijana, Kisumu: Cambria kwa kompyuta ya nani? Ile saiba ya dada wa Kondele haikuwa na kitu.

Mpiga chapa, Kenyatta Avenue: Si nimesema PDF.

Katibu msaidizi, Nakuru: Asanteni. Jana tumefotokopi mara tatu mbele ya kikao. Times 12 kopi ya mwisho neno "deni" lilisomeka "dcni", Calibri 12 ikabaki inasomeka, ile ya harusi hatukuipeleka mbali, ilikufa kopi ya kwanza. Katibu anasema ni tona ya hiyo mashine na anataka turudie kwa mashine ya binamu yake.