Programu imeweka kopo la unga katika mikopo, nami nimerudishiwa sura nzima

Ndugu watafiti wa Lubumbashi,

Ninaandika nikiwa na hasira. Nilihoji kina mama 14 wanaouza katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, ili nifahamu wanavyoishi na madeni. Mkufunzi aliyetufundisha programu ya kupanga misimbo, yaani lebo za maana zinazobandikwa kwenye vifungu vya mahojiano, kwa pesa tulizotoa mfukoni mwetu, alituhakikishia kwamba mashine itachambua mahojiano na sisi tutabaki na kuandika tu. Nikaiamuru itafute kila neno lenye «kop» na kuyaweka yote chini ya msimbo mmoja, «mkopo». Ikaleta vifungu 61, nikachora jedwali, nikampelekea msimamizi.

Alipolikataa, ndipo niliposoma vifungu kimoja kimoja. Vifungu 18 vilihusu kopo la unga na kopo la maharage! Kati ya 43 vilivyobaki, 17 vilitoka kwa waliosema «nilimkopesha», yaani wanaodai, nao wametiwa kapu moja na wanaodaiwa. Mama aliyeelemewa kuliko wote hakuonekana kabisa, kwa sababu alisema tu kwamba aliingia banki lamberi, yaani kwa wakopeshaji wa riba kali wa mtaani, na kila mwisho wa mwezi hujificha. Kwa nini hatukuambiwa haya?

Mzee wa Kamalondo: Dada, mkufunzi alikosa, lakini programu ilifanya kazi yake, ambayo ni kutafuta herufi, kuhifadhi, na kukurudisha mahali kifungu kilipotoka. Haijui kwamba «-esha» hugeuza mdaiwa kuwa mdai. Ugawe msimbo huo, na kila unapoamua, uandike humohumo kumbukumbu fupi: kipi kinaingia, kipi hakiingii, na kwa nini. Ukibadilisha kanuni ukiwa kwenye mahojiano ya 9, usome upya manane ya kwanza, maana programu haitakukumbusha. Utazame pia vile 26 vya kukopa vimetoka kwa nani, kwa kuwa mama mmoja msemaji anaweza kuonekana kama soko zima.

Takwimu Tupu: Mwenzako asimbe mahojiano hayohayo, kisha programu ikokotoe kapa ya Cohen, kipimo cha jinsi mnavyokubaliana. Ikiwa juu, kazi imekwisha.

Mzee wa Kamalondo: Kapa huonyesha kwamba mmekubaliana, basi. Mnaweza kukubaliana vizuri sana kwamba kopo la unga ni mkopo.

Mama Neema: Mimi umeme ulikatika, misimbo ya siku mbili ikapotea. Je, ile ya bure, Taguette, huhifadhi yenyewe?

Mwenye uzi: Mama Neema, pole, lakini swali hilo lifungulie uzi wake. Mzee, nimegawa, ila katika vile 26 bado kuna vitano vinavyosema «tunakopeshana». Nikiviweka pande zote mbili, nitavihesabu mara mbili. Nikivipa msimbo wa tatu, nitakuwa nimesema kwamba hilo si deni, bali ni jambo lililo karibu na likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu.

Mzee wa Kamalondo: Hapo hata mimi sina jibu. Rudi sokoni, umwulize mmoja wao mwenzake asipolipa inakuwaje.