Naomba ushauri: rezo ya mistari 300, leza nyekundu, na shaka inayozidi wimbi lenyewe

Ibanda_Labo (Bukavu)

Jambo wakubwa. Nina kazi ya labo ya kupima urefu wa wimbi la leza nyekundu ndogo, ile ya kuonyeshea kwenye tablo. Rezo, ile yenye mistari myembamba inayogawa nuru pande mbili, ni ya plastiki kwenye fremu ya kadi, imeandikwa mistari 300 kwa milimita. Nimeisimamisha katikati ya raporta kubwa ya mbao ya mwalimu, nusu kipenyo sentimita 20, na ukingoni nimebandika karatasi nyeupe ili nuru ionekane. Alama ziko kila digrii 1, nasoma hadi nusu digrii.

Nilichosoma kwa digrii, kulia kisha kushoto, oda ya 1 ikiwa nuru ya kwanza kutoka ile ya katikati:
oda ya 1: 12.0 na 10.5
oda ya 2: 23.5 na 22.5
oda ya 3: 36.5 na 35.0

Maswali mawili. Kwanza, kulia na kushoto havilingani. Nichukue upande upi? Pili, natumia fomula hii ya shaka:

Δλ = (d/m) · cos θ · Δθ

Kwa oda ya 1, d, yaani nafasi kati ya mistari ya rezo, ni nanomita 3333, Δθ nimeweka 0.5, na inatoka Δλ ya nanomita 1635. Wimbi lenyewe ni kama 650! Asistanti ameandika tu "rudia" kwa kalamu nyekundu. Aksanti.

Ndosho_Kipimo (Goma)

Ndugu, hiyo 0.5 ni digrii, na fomula inataka radiani. Zidisha kwa π/180, yaani 0.5 inakuwa 0.0087, na Δλ inashuka hadi nanomita 29 hivi. Swali la pili limekwisha.

Ila mimi nisingetumia fomula hata kidogo. Soma kila pembe mara kumi, tafuta mtawanyiko wa namba zako, hiyo ndiyo shaka. Vipimo vijieleze vyenyewe.

Katuba_Elektro (Lubumbashi)

Na mimi nina leza, ya kijani, na rezo yangu ni CD ya zamani, nafasi kati ya mistari mikrometa 1.6. Nuru inayong'aa kwenye ukuta iko kwenye digrii 41.5. Nikipiga hesabu napata nanomita 1060. Nimesikia leza hizi za kijani ndani zina nuru ya 1064, basi nadhani nimeipima hiyo. Wewe pia angalia kama leza yako haina nuru mbili, huenda ndiyo sababu kulia na kushoto vinatofautiana.

Mwalimu_Himbi (Goma)

Katuba, nuru ya 1064 jicho haliioni. Umeihesabu oda ya 2 kama ya kwanza. Tafuta nuru nyingine karibu na digrii 19.5, utaikuta. Gawanya 1060 yako kwa mbili upate 530, karibu kabisa na 532 inayotarajiwa. Na CD inarudisha nuru kama kioo, basi angalia isikurudie machoni.

Tuje kwa mwenye uzi. Tofauti ya kulia na kushoto kwako ni 1.5, 1.0 na 1.5. Kwa kuwa unasoma kwa nusu digrii, hiyo ni tofauti moja isiyobadilika. Maana yake sifuri ya raporta haikai kwenye mstari wa leza. Angalia nuru ya katikati, ile isiyopinda: itakuwa karibu na 0.7 upande wa kulia. Usichague upande. Jumlisha kulia na kushoto, gawa kwa mbili, na kosa la sifuri linajifuta. Utapata 11.25, 23.0 na 35.75, na mawimbi 650.3, 651.2 na 649.2.

Ingekuwa tofauti inakua kadiri oda inavyopanda, karibu hakuna kwenye oda ya 1 na kubwa kwenye ya 3, ningesema rezo imesimama upande, haikatani na leza kwa pembe mraba. Rezo iliyogeuka digrii 3 ingekupa tofauti ya digrii 0.1 kwenye oda ya 1 na 1.4 kwenye ya 3. Wastani wa pande mbili unalifuta kosa hilo pia, ingawa si lote. Kwenye oda ya 3 ingebaki kama nanomita 1.4.

Ndosho, kwenye radiani uko sawa. Kwenye kurudia mara kumi hapana. Mtu anayesoma kwa nusu digrii ataandika 36.5 mara kumi, mtawanyiko utakuwa sifuri, na atatangaza kipimo kisicho na shaka. Kurudia kunasaidia pale namba zinapocheza zaidi ya hatua ya kusoma. Hapa hatua ndiyo inayotawala.

Anayesoma 36.5 anajua tu kwamba ukweli uko kati ya 36.25 na 36.75, na hakuna sehemu ya katikati inayopendelewa. Nusu ya upana, 0.25, gawa kwa kipeuo cha pili cha 3, unapata 0.144. Kwa sababu pembe yako ni wastani wa masomo mawili, gawa tena kwa kipeuo cha pili cha 2: digrii 0.102, yaani radiani 0.00178. Ukiiweka kwenye fomula, shaka inakuwa nanomita 5.8 kwa oda ya 1, 2.7 kwa ya 2, na 1.6 kwa ya 3. Ona jinsi oda ya juu inavyofaa: raporta ni ileile, jicho ni lilelile, lakini shaka imeshuka zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo usijumlishe zile tatu sawasawa. Kila moja ipewe uzito wa 1 juu ya mraba wa shaka yake. Inatoka 649.7 ± 1.3.

Mze_Kampemba (Lubumbashi)

Mwalimu, heshima yako. Lakini sisi tulifundishwa kosa la juu kabisa, si hii ya kugawa kwa vipeuo. Kijana anasoma kwa ±0.25, upande mmoja na mwingine vyote vinaweza kukosea kuelekea upande uleule, basi pembe yake ina ±0.25 nzima, radiani 0.0044. Oda ya 3 inakuwa ±3.9, oda ya 1 ±14. Asistanti wa huku ukimletea 1.3 kutoka raporta ya mbao atacheka.

Mwalimu_Himbi (Goma)

Mzee, zote mbili ni halali mradi aandike ametumia ipi. Yako inasema ukweli hauwezi kutoka nje ya mipaka. Yangu inasema kwa kawaida uko karibu hapa. Kisichofaa ni kuandika ± bila kusema. Aulize asistanti wake anataka ipi.

Ila kwa 1.3 nakubali mzee acheke, kwa sababu nyingine. Oda tatu zimekubaliana vizuri mno na mtu anaweza kudanganyika. Kuna kosa lisilojifuta kwa wastani wa kulia na kushoto, wala halionekani ukilinganisha oda: rezo kutokukaa juu ya kitovu cha raporta. Mshale wa leza ukipita kando ya kitovu, upande mmoja unaongezeka na mwingine unapungua, linajifuta. Rezo ikisogea mbele kuelekea karatasi, pembe zote mbili zinasomeka ndogo. Ikirudi nyuma kuelekea leza, zote kubwa. Kwa nusu kipenyo cha sentimita 20, milimita 2 tu nyuma zinaongeza nanomita 6.4 kwenye oda ya 1, 6.0 kwenye ya 2 na 5.3 kwenye ya 3. Zote zinapanda pamoja, kwa hiyo zinaendelea kukubaliana. Na fremu ya kadi ina unene, plastiki imebandikwa upande mmoja wake. Milimita 1 au 2 zinapotea hapo bila mtu kuona.

Dawa yake: bila kugusa leza wala raporta, geuza fremu nzima nusu mzunguko, mgongo uwe mbele, miguu ya fremu ikae kwenye alama zilezile. Plastiki iliyokuwa nyuma ya kitovu sasa iko mbele kwa kiasi kilekile. Soma tena, chukua wastani wa mikao miwili.

Ndosho_Kipimo (Goma)

Hilo la kugeuza sikulifikiria. Lakini basi si rahisi kwenda oda ya 5 na kuacha nyingine? Shaka ingekuwa ndogo kabisa.

Mwalimu_Himbi (Goma)

Oda ya 5 ya leza hii iko digrii 77. Nuru inaangukia karibu na ukingo wa nusu duara, inafifia, inavutika kuwa mstari, na kosa la rezo iliyosimama upande linakuwa kubwa sana huko. Oda ya 4, digrii 51, ijaribuni kama nuru bado ni duara safi.

Ibanda_Labo (Bukavu)

Nimegeuza. Masomo mapya, kulia na kushoto:
oda ya 1: 11.5 na 10.5
oda ya 2: 23.5 na 22.0
oda ya 3: 36.0 na 34.5

Wastani wa mikao miwili: 11.125, 22.875, 35.5. Mawimbi: 643.2, 647.9, 645.2. Masomo sasa ni manne kwa kila oda, basi shaka ya pembe nimeweka 0.144 gawa kwa 2, digrii 0.072. Kwa uzito napata 645.8 ± 1.0. Karibu nanomita 4 chini ya ile ya kwanza!

Mwalimu_Himbi (Goma)

Ndiyo. Oda ya 3 imehama nusu digrii, maana plastiki ilikuwa kama milimita 1.5 nyuma ya kitovu. Hesabu yako ni safi.

Bado d. Ile ± 1.0 ni ya pembe peke yake. Kosa la d linaingia kwa asilimia ileile kwenye wimbi, na oda haipunguzi kitu. Ukikisia asilimia 0.5 kwa plastiki ya namna hiyo, ni nanomita 3.2. Unganisha kwa miraba na ile ya pembe: 3.4. Andika 646 ± 3, na useme wazi kwamba sehemu kubwa ni kisio cha d.

Mze_Kampemba (Lubumbashi)

Hiyo 0.5 imetoka wapi? Imeandikwa 300, tuchukue nusu ya mstari mmoja: asilimia 0.17.

Mwalimu_Himbi (Goma)

Namba iliyoandikwa kwenye fremu haisemi plastiki ilivutika kiasi gani, mzee. Na kisio changu nacho ni kisio. Apime d kwa nuru inayojulikana: leza ya heliamu na neoni, 632.8, au taa ya sodiamu, 589.3 kwa wastani wa mistari yake miwili.

Katuba_Elektro (Lubumbashi)

Kweli nuru ipo kwenye 19.5, aksanti. Basi leza yangu ya kijani ya 532 haiwezi kupima d?

Mwalimu_Himbi (Goma)

Inaweza, ikiwa ni ile ya fuwele inayokunja 1064 kuwa 532. Siku hizi kuna za kijani zenye diodi ya moja kwa moja, karibu 520, na lebo haisemi kila mara. CD yako haiwezi kuzitenganisha kwa uhakika kama nafasi ya mistari yake hujaipima.

Ibanda_Labo (Bukavu)

Kuna taa ya sodiamu kabatini kwenye labo, sijui kama inawaka. Lakini nuru yake haiji kama mshale wa leza, inatawanyika kote. Niipitishe kwenye ufa wa upana gani ili niweze kusoma nusu digrii?

Ndosho_Kipimo (Goma)

Milimita 1 inatosha, mbali na rezo kama mita moja. Usitegemee karatasi, haitaonekana. Angalia kwa jicho kupitia rezo, na sindano mbili kwenye raporta kulenga.