Vipimo vya sensa: databesi yake peke yake, au Postgres ileile inatosha?

Baridi_Kali: Wakuu, tuna sensa 200 za joto kwenye vyumba vya kugandishia samaki, kila moja inatuma kipimo kila sekunde 10. Tunavitupia PostgreSQL pamoja na ankara na wateja, sasa mfumo mzima umekuwa mzito. Bosi anataka databesi maalum ya vipimo. Kuna haja au mbwembwe tu?

Mzee wa Kweri: Mbwembwe. Weka indeksi kwenye muda, basi. Jedwali langu la mauzo lina miaka kibao na linaruka tu.

Mshona_Waya: Mzee, indeksi itamsaidia kusoma, hapo sawa, ila piga hesabu, vipimo 8,640 kwa siku mara sensa 200 ni mistari 1,728,000 kila siku, na kila mstari Postgres inaubebesha kichwa cha baiti 23 wakati joto lenyewe ni baiti 4 au 8. Halafu ankara utairudia, ilikuwa haijalipwa sasa imelipwa, ila joto la saa nane usiku nani atalibadilisha? Linaingia, linapigiwa wastani, likizeeka linatupwa. Baridi, ya zamani mnafutaje?

Baridi_Kali: DELETE kila usiku, yaliyozidi siku 90. Cha ajabu diski haipungui.

Mshona_Waya: Haiwezi kupungua. DELETE inaacha maiti za mistari, VACUUM inapita baadaye kuachia nafasi itumike tena humohumo kwenye jedwali, diski kwa kawaida hairudishiwi kitu. Cheki `n_dead_tup` kwenye `pg_stat_user_tables` utaona mwenyewe. Kata jedwali kwa siku, siku ikizeeka unaing'oa nzima, hakuna mstari wa kupitia mmojammoja. Kwa TimescaleDB, inayokaa ndani ya Postgres hiyohiyo:

```sql
SELECT drop_chunks('vipimo', INTERVAL '90 days');
```

Mama Vifaranga: Jamani mi nina sensa 3 za bandani, kila dakika 5, na mimi nihame?

Mzee wa Kweri: Mistari 864 kwa siku? Tulia hapo hapo mama. Na wewe Mshona, kukata jedwali kwa tarehe Postgres ya kawaida inaweza tangu toleo la 10, sasa umaalum uko wapi?

Mshona_Waya: Kwenye kubana. Muda unaruka 10, 10, 10, kwa hiyo unaandika mruko umebadilika kiasi gani, jibu karibu kila mara sifuri, na joto la -18.2 likifuatwa na -18.2 halina jipya la kuandika. Facebook walieleza Gorilla, databesi yao ya vipimo, mwaka 2015, baiti 16 za kipimo zilishuka hadi wastani wa 1.37.

Nyavu: Hiyo ni mtandao ukiwepo. Sensa za kwetu zikipotea hewani usiku kucha, asubuhi zinamwaga vyote kwa mpigo, vinaangukia kwenye vipande vilivyokwisha kubanwa, kuviingiza humo ni kazi nzito.

Baridi_Kali: Duh, za magari yetu hupotea hata siku mbili.

Mshona_Waya: Basi bana baada ya siku 7, usibane ya jana.

Mzee wa Kweri: Mi bado nasema kata kwa siku kwanza, upime mwezi mzima, hela ya bosi isubiri.