Kona ya picha ya babu imechanika: nirudishe vipi bega na pazia la nyuma?

Kengele: Wakuu, nimekwama siku ya nne. Picha nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja. Babu ameketi, bibi kasimama kando yake. Kona ya juu kulia imechanika na kuondoka na bega la kushoto la babu na pazia la nyuma. Nimenakili bega la kulia nikaligeuza kwa Flip Horizontal, lakini linaonekana limebandikwa. Picha hiyo hapo. Naihitaji Jumamosi.

Mkono Mwepesi: Pazia ni dogo hilo. Chukua Clone Stamp, dakika tano umemaliza.

Fundi Skana: Ukipiga hivyo, doa lilelile litajirudia mara tatu na jicho litalidaka. Pazia lake linafifia kutoka mwanga kwenda giza, kwa hiyo paka mfifio laini kwanza, kisha urudishe chengachenga za picha ya zamani, la sivyo kona itang'aa kama plastiki.

Bega sasa. Tazama kivuli cha pua: kinaangukia kulia kwetu, maana yake taa ilikuwa kushoto. Bega ulilogeuza limebeba mwanga wa upande wa taa na kuupeleka kivulini. Lipe leya yake, ulitie giza hadi lifanane na kipande cha mkono wa koti kilichobaki. Mfuko wa kifuani pia huwa kushoto kwa mvaaji, usiufute kwa kunakili upande usio nao.

Halafu, vile vitu viwili vyeupe kwenye koti, chini ya mpasuko, ni nini?

Mama Wawili: Mimi fundi alimjazia mama yangu gauni la maua. Shangazi akauliza, "Hili la nani?" Mama hakuwahi kuvaa maua. Ile picha siitazami tena.

Kengele: Ni vidole. Kuna mtu alikuwa nyuma ya babu. Nimeamua kuvifunika kwa koti, picha ni ya babu na bibi.

Jicho Kavu: Ngoja. Karatasi ya picha ikichanika huacha ukingo mweupe wenye nyuzinyuzi. Wako umenyooka kabisa. Huo ni mkasi, ndugu. Hadithi ya kuchanika umeitunga?

Kengele: Sijatunga! Nimeikuta hivyo kwenye sanduku la bibi. Nyumbani wanasema "ilichanika", na mimi nikasema hivyo.

Mzee Kobe: Bibi alikata kwa mkono wake. Kabla hujajaza, kamuulize.

Kengele: Nimuulize mtu wa miaka 86 siku yake ya kuzaliwa? Hapana. Vidole nimeshavifunika.

Fundi Skana: Uamuzi ni wako. Ila hifadhi skani ya awali bila kuigusa, na nyuma ya nakala andika kwamba kona imechorwa upya. Na kuza sehemu ile tena: vidole umeviondoa, kivuli chao bado kimelala kwenye koti.

Kengele: Nimekiona.