Koma mbili mbili kwenye anwani za boda, nisaidieni

Mama Duveti
Wadau, nauza duveti hapa Eastleigh na oda naziandika kwenye Excel. B ni mtaa, C jengo, D nyumba, E ni alama ya kuonyesha mahali. Nataka sentensi moja nimtumie mtu wa boda kwa WhatsApp. Nimeunganisha kwa &, lakini mteja asiye na jina la jengo anatoka hivi: "Umoja, , nyumba 14". Jana kijana alinipigia akauliza kama kuna kitu nimefuta.

Karani wa Donholm
Tumia TEXTJOIN, dada. Weka FALSE, maana hutaki seli tupu:

```
=TEXTJOIN(",",FALSE,B2:E2)
```

Fundi Shiti
Fomula ni hiyo, ila umegeuza. TRUE ndiyo inaruka tupu. FALSE inaziacha, na koma zake zinabaki. Tena weka nafasi baada ya koma ndani ya alama za nukuu, la sivyo utapata "Umoja,nyumba 14".

```
=TEXTJOIN(", ",TRUE,B2:E2)
```

Boda wa Kayole
Mimi nina anwani nzima kwenye seli moja, nazikataje ziwe nne?

Fundi Shiti
Hiyo ni kinyume chake, kaka. Fungua uzi wako.

Mama Duveti
Asante, zimenyooka. Isipokuwa mstari wa 7, bado koma mbili! Na C7 haina kitu, naiona kwa macho yangu.

Fundi Shiti
Macho yanakudanganya. Andika =LEN(C7) pembeni. Ikitoa 1 badala ya 0, kuna mtu aligusa kitufe cha nafasi akaendelea na kazi, na kwa Excel hiyo si seli tupu.

Mama Duveti
1! Ni mtoto wa dada yangu huyo, ndiye huniandikia oda.

Fundi Shiti
Basi pitisha seli kwenye TRIM kwanza. E itoe kwenye mkupuo ipate kiunganishi chake, maana koma haitoshi kumwambia mtu "karibu na":

```
=TEXTJOIN(", ",TRUE,TRIM(B7:D7))&IF(TRIM(E7)="",""," karibu na "&TRIM(E7))
```

Kwa Excel 2019 maliza kwa Ctrl+Shift+Enter.

Mama Duveti
"Umoja, nyumba 14 karibu na kinyozi". Sawa kabisa! Na nikitaka kila kitu mstari wake?

Fundi Shiti
Badala ya ", " weka CHAR(10), kisha uwashe Wrap Text. Lakini ukinakili seli hiyo kwenda WhatsApp, mara nyingi inafika na alama za nukuu mwanzo na mwisho. Mimi hubaki na koma.

Karani wa Donholm
Kwangu ofisini inaandika #NAME? tu, hata nikiweka TRUE.

Fundi Shiti
Excel gani? Kama ni 2016 ya kununua mara moja, TEXTJOIN haimo. Ilianza na 2019.

Karani wa Donholm
Ni 2013. Na bosi hataki kusikia habari ya kununua nyingine.

Mama Duveti
Jaribu Google Sheets, huko ipo na ni bure.

Karani wa Donholm
Intaneti yetu ya ofisi unaijua wewe?