Kuficha leya SI kufuta! Mnatukabidhi video ambazo mtu aliyeomba atolewe bado anasikika

MamaFilamu (mleta uzi)

Wakuu, nimekasirika na nataka wahariri wote wasome hapa. Tumetengeneza filamu fupi ya mahojiano. Mmoja wa wanawake waliohojiwa akaomba atolewe kabisa, sura na sauti, kwa sababu ya usalama wake. Nikamwandikia mhariri wetu maneno yasiyo na utata: mtoe. Akajibu "tayari", akanitumia MP4.

Kwa macho, kweli hayupo. Mahali pake pamewekwa mandhari na muziki. Nikavaa hedifoni. Dakika ya 6 na sekunde 12, chini ya muziki, dada wa watu anasikika akitaja jina lake na la mwanawe! Halafu filamu inaisha, majina ya washiriki yanapita, na baada ya hapo linafuata giza la sekunde 38 lisilo na kazi yoyote.

Nikadai faili la mradi, nikalifungua mwenyewe. Klipu zake zote ziko treki ya video V2, jicho la kuionyesha limezimwa. Sauti yake iko treki ya sauti A2, haijaguswa. Klipu yake moja imeachwa mwisho kabisa wa taimulaini, na ndiyo inayovuta ule urefu. Nilipompigia akaniambia, "Kuficha na kufuta ni kitu kimoja, ukishaekspoti hakuna tofauti." Nani anawafundisha haya? Mwanamke huyu alituamini, na sisi tulikuwa karibu kumrusha hewani na jina lake.

KijanaWaKlipu

Mleta uzi, punguza hasira. Mhariri wako yuko sahihi. MP4 haina leya. Kilichofichwa hakirendiwi, basi. Hakuna mtu atakayefungua hiyo MP4 akawasha jicho. Mimi nafanya hivyo kila kazi na sijawahi kulalamikiwa.

MamaFilamu

Nimesema nimemSIKIA. Mimi naongelea masikio, wewe unanijibu habari za macho.

MzeeWaMontaji

Kijana ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ni muhimu, kwa hiyo nianze nayo ili dada apumue kidogo. Wakati wa kurenda, programu inachukua kila fremu, inachanganya leya zilizo wazi tu, na matokeo yake ndiyo yanayobanwa kuwa video moja. Pikseli za leya iliyozimwa hazimo ndani ya MP4, wala hazijajificha popote. Sura ya huyo mama haiwezi kurudishwa kutoka kwenye faili hilo. Ukitaka kuhakikisha, andika hivi:

```
ffprobe -v error -show_entries stream=index,codec_type,duration video.mp4
```

Utaona mkondo mmoja wa video na mmoja wa sauti. Lakini hapo ndipo watu wanapojidanganya. Mkondo mmoja wa sauti haumaanishi sauti moja. Muziki, msimulizi na huyo mama wote wameshachanganywa humo, na hakuna amri itakayokuambia kuwa yumo. Njia ya uhakika ni kurudi kwenye mradi, kunyamazisha muziki na msimulizi, kisha kusikiliza kilichobaki tangu mwanzo hadi mwisho. Muziki hufunika sauti ya mtu kwenye spika za kompyuta, ila kwenye hedifoni anajitokeza, kama ulivyoona.

Jicho liko kwenye treki ya video peke yake. Treki ya sauti ina kitufe chake, ile M ya kunyamazisha. Mhariri angeizima klipu yenyewe badala ya treki, kwa Shift+E kwenye Premiere Pro ya Windows au D kwenye DaVinci Resolve, huku picha na sauti zimeunganishwa, vyote viwili vingezimika. Urefu usingepungua hata hivyo, kwa sababu klipu iliyozimwa bado imekaa mahali pake kwenye taimulaini. Ukiekspoti mfuatano wote, programu inakwenda hadi mwisho wa klipu ya mwisho, iwe imezimwa au haijazimwa. Giza lako la sekunde 38 limetoka hapo. Ukiona giza la namna hiyo kwenye kazi uliyokabidhiwa, shuku mara moja kwamba kuna kitu kimefichwa.

Zuhura_Anim

Samahani naingilia. Mimi yangu ni kinyume: nilificha leya kwenye After Effects, ikatoweka kabisa kwenye orodha, lakini nikirenda inatokea kwenye video! Kwa hiyo jicho halifanyi kazi?

MzeeWaMontaji

Zuhura, hukubonyeza jicho. Umebonyeza kile kialama cha sura inayochungulia juu ya ukuta. Hicho kinapunguza msongamano kwenye orodha yako tu, picha inaendelea kurendiwa kama kawaida. Tafuta jicho upande wa kushoto.

NduguMkataji

Kwa hiyo dawa ni moja: futa kila kilichofichwa kabla ya kuekspoti. Hakuna mjadala.

MzeeWaMontaji

Upo mjadala, ndugu yangu. Leya nyingine zimefichwa kwa sababu zinafanya kazi zikiwa zimefichwa. Leya inayotumika kukata umbo la leya nyingine kwenye After Effects huwa jicho lake limezimwa, na ukiifuta, ile inayokatwa inapoteza umbo. Na kufuta nako kuna mtego. Kama muunganisho wa picha na sauti umezimwa, ukibofya picha ukafuta, picha inaondoka na sauti inabaki peke yake kule A2. Ungepata kosa lilelile kwa njia nyingine.

KijanaWaKlipu

Sawa, kwenye sauti nakubali. Ila kuficha nitaendelea. Wateja wanabadilika: leo mtoe, kesho mrudishe. Nikifuta nitaanza upya.

MamaFilamu

Nakili mfuatano, uuite wa zamani, ubaki nao wewe. Ule unaoekspoti usiwe na klipu yake hata moja! Huyu si nembo ya mdhamini ya kutoa na kurudisha, ni mtu amekataa.

Na Mzee, kuna jambo lingine. Nimeangalia taarifa za ndani za ile MP4 nikakuta majina ya mafaili ya kamera, na mhariri alikuwa ameyaita kwa majina ya wahojiwa.

MzeeWaMontaji

Hilo hutokea, hasa Premiere ikiachwa iandike XMP, yaani taarifa za kazi, ndani ya faili. Wakati wa kuekspoti, kwenye Metadata, weka Export Options kuwa None. Kwa faili lililokwisha kutoka:

```
ffmpeg -i video.mp4 -map_metadata -1 -c copy safi.mp4
exiftool -a -G1 -s safi.mp4
```

Ya kwanza inahamisha picha na sauti bila kuzibana upya na kuacha zile taarifa. Ya pili ni ya kukagua, na kama bado kuna jina utaliona. Sauti ya A2 haitaondoka kwa amri hizi, hiyo inataka kuekspoti upya.

NduguMkataji

Na faili la mradi? Nasikia mnalipeleka kwa watu wa sabtaito.

MamaFilamu

Ndiyo, lilishapelekwa, pamoja na folda nzima ya video za kamera. Humo amefichwa tu, hakufutwa, ukibofya jicho anatokea mzima. Hata angefutwa kwenye taimulaini, video yake halisi ingekuwa bado iko kwenye folda. Nimewaandikia waifute na wanithibitishie kwa maandishi. Kuanzia sasa mtu wa sabtaito atapata MP4 na faili la SRT, basi.

KijanaWaKlipu

Wakikataa kuifuta?

MamaFilamu

Bado hawajajibu.