Majirani Sofia: skrini za Jumamosi

Nabwire: Habari za jioni majirani. Watoto 16 wameshajiandikisha kwa mashindano ya gemu ya mpira, na mashine za PS4 tunazo tatu. Skrini ni TV ya Sadiki, TV ya Baba Wasswa na monita yangu ya kompyuta. Ila juzi kwenye mazoezi waliohamia TV ya Sadiki walilalamika: unabonyeza, mchezaji anaitikia kwa kuchelewa.

Mama Rehema: Basi tuchange bando. Hata kwangu mtandao ukiwa chini video inakwama.

Fundi Okello: Mama, hapa bando haihusiki, wawili wanacheza kwenye mashine moja. Kuchelewa kunatoka ndani ya TV. Inapokea picha, inaanza kuilainisha na kuipamba rangi, ndipo inaionyesha.

Sadiki: TV yangu ni mpya jamani, inchi 50! Shida ni waya. Kesho nanunua HDMI ya bei.

Fundi Okello: Kaka, weka hela yako. Waya wa HDMI ukiwa mbovu utaona vidoti vinametameta au skrini inazima na kurudi. Hauchelewishi picha. Cha kukataa ni kile kisanduku cha kugeuza HDMI iwe waya za nyekundu, nyeupe na njano. Hicho kinachelewesha, na picha inakuwa ya ukungu.

Nabwire: Leo mchana tulipima. Fundi, waeleze.

Fundi Okello: Nilichukua splita, kile kidude kinachoingiza waya mmoja na kutoa miwili. PS4 moja ikalisha monita na TV ya Sadiki kwa pamoja, zote zikiwa 1080p. Nikaziweka bega kwa bega, nikarekodi kwa simu kwenye slo-mo ya picha 240 kwa sekunde, kisha nikahesabu TV inabaki nyuma picha ngapi. Zilikuwa 22. Kila moja ni kama milisekunde 4, kwa hiyo TV ilikuwa nyuma ya monita kwa milisekunde 90 hivi. Gemu inabadilisha picha kila milisekunde 17, kwa hiyo mtoto anacheza picha tano nyuma.

Sadiki: Na Game Mode, ule mpangilio wa TV wa kupunguza kuchelewa, niliuwasha mwenyewe!

Fundi Okello: Uliiwasha kwenye HDMI 1, waya tukauchomeka HDMI 2. TV nyingi zinahifadhi mpangilio huo kwa kila tundu peke yake. Nilipoiwasha kwenye HDMI 2, tofauti ilishuka kutoka zile picha 22 za simu hadi 4. Jumamosi bandikeni karatasi kwenye tundu hilo, asihamishe mtu.

Baba Wasswa: Mimi naona mnajisumbua. Wote wawili wanatazama skrini moja, ikichelewa inachelewa kwa wote.

Fundi Okello: Hapo uko sawa mzee wangu, ila nusu. Aliyeizoea TV hiyo nyumbani, mkono wake umeshajifunza kubonyeza mapema. Anayetoka kwenye monita anabonyeza kama kawaida, na mshambuliaji anamkimbia kabla hajamkaba. Tena TV yako haina Game Mode. Nilizima vilainishi vyote, bado iko nyuma ya monita kwa picha 9 za simu.

Baba Wasswa: Sasa mnaikataa TV yangu?

Nabwire: Hapana mzee. Napendekeza tupige kura ya bahati ya skrini kabla ya kila mechi, na mtoto asichezee kwenye TV ya kwao.

Sadiki: Mwanangu akose TV yake mwenyewe? Hiyo sikubali.

Nabwire: Akiicheza, mwenzake apewe dakika kumi za kuizoea. Tutalizungumza.

Mama Rehema: Na viti je? Mara ya mwisho mjukuu wangu alikaa pembeni, anasema rangi zilififia hadi jezi zikafanana.

Nabwire: Asante mama, hilo ni la kweli. Monita yangu ukiitazama kwa upande rangi zinabadilika. Tutachora chaki sakafuni, viti viwili umbali mmoja, katikati ya skrini wakutane mabega. Atakayechagua kiti ni mshindi wa shilingi ya kurushwa. Skrini zote ziligeuzie dirisha mgongo, jua la saa tisa linapiga upande ule.

Mama Rehema: Halafu pedi yetu iliwasha mashine ya jirani!

Fundi Okello: Pedi inakumbuka mashine ya mwisho iliyounganishwa nayo, mama. Mtoto akibonyeza PS, inaiwasha ile. Tutatumia waya tu. Kwenye PS4 ingieni Settings, Devices, Controllers, Communication Method, mchague Use USB Cable. Ila waya nyingi za chaji hazipitishi data: pedi inachaji, mashine haiitambui. Kila mtu ajaribu wake nyumbani na auandike jina.

Baba Wasswa: Ya kwangu waya ni mfupi, haufiki kwenye kiti.

Fundi Okello: Niletee Ijumaa jioni, na TV yako pia. Kuna menyu moja sijaifungua.

Sadiki: Mimi bado nataka jibu kuhusu mwanangu.